Faida ya Fowadi Kabla Mashine Haijafika: Inakaa Wapi Kwenye Hesabu?

*Swali: Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha kamba na magunia ya mkonge hapa Tanga. Tunauza ndani ya nchi kwa shilingi. Tarehe 1 Oktoba tulifunga na benki mkataba wa fowadi wa kununua dola 300,000 kwa shilingi 2,650 kila dola, tuzipokee tarehe 28 Februari, siku ya kulipia mashine ya kusokota nyuzi kutoka India. Dola imepanda. Sasa nafunga hesabu za Desemba, na mkaguzi anasema kuna faida ya zaidi ya milioni 20 iingie kwenye faida ya mwaka huu. Mkurugenzi anauliza faida gani, wakati mashine hatujaiona wala senti hatujapokea. Nani yuko sahihi, na je, naweza kuandika sasa hati ya kuonyesha kwamba ule mkataba ni kinga ya mashine?*

Ndugu mhasibu, mkaguzi wako yuko sahihi kwa hesabu za mwaka huu, isipokuwa kama hati ya kinga ilikuwapo tangu siku mlipotia saini. Mkurugenzi naye ameona jambo la kweli, kwa maana faida hiyo imetokea mwaka mmoja na hasara inayoizimisha, yaani mashine kuwa ghali zaidi kwa shilingi, itatokea mwaka unaofuata. Uhasibu wa kinga ulitungwa kwa ajili ya pengo hilo hasa, lakini hauji wenyewe. Ni wa hiari, na mwenye kuutaka hana budi kuuchagua kwa maandishi mapema. Hati unayotaka kuiandika sasa unaweza kuiandika, ila itafanya kazi kuanzia siku ya kuandikwa, haitarudi nyuma hata siku moja. Nachukulia kwamba mnatumia viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za fedha, na kwamba mambo ya kinga mnayafuata kwa IFRS 9.

Nianze na kile mlichokinunua, kwa sababu makosa mengi ya Desemba huzaliwa hapo. Bei ya 2,650 haikuwa utabiri wa benki kwamba dola itafika hapo Februari. Tuseme siku ile dola ya papo hapo iliuzwa 2,600, shilingi ikikopeshwa kwa asilimia 9 kwa mwaka na dola kwa asilimia 5. Benki inayokuahidi dola za Februari inaweza kukopa shilingi leo, kununua dola leo, na kuziweka zizae riba hadi siku ya kukukabidhi. Kwa kuwa riba anayolipa kwenye shilingi ni kubwa kuliko anayopata kwenye dola, tofauti hiyo anaibebesha bei:

```
2,600 × (1 + 0.09 × 150/365) ÷ (1 + 0.05 × 150/360) = 2,641
```

Shilingi 9 zilizobaki hadi kufika 2,650 ni chake mwenye benki. Kwa dola 300,000 hiyo ni shilingi 2,700,000, na ni mahali pekee penye nafasi ya kupatana naye. Hizo 41 nyingine zimeamuliwa na soko la riba. Siku ya kutia saini mkataba wa namna hii huhesabiwa kuwa na thamani ya sifuri au karibu na sifuri, ndiyo maana wahasibu wengi hawauandiki popote, wanauweka kwenye jalada pamoja na barua za benki, na wanaukumbuka mkaguzi anapouliza.

Tarehe 31 Desemba ni lazima upewe thamani. Tuseme siku hiyo dola ya papo hapo ilikuwa 2,695, na benki ilikuwa ikiuza dola za tarehe 28 Februari kwa 2,720. Hapa nimeona wahasibu wazuri wakiteleza: wanachukua 2,695, wanatoa 2,650, wanazidisha kwa 300,000, wanapata milioni 13.5. Hilo ni jibu la swali jingine. Nyinyi hamna haki ya kupokea dola leo. Mna haki ya kuzipokea Februari, kwa hiyo mkataba wenu unalinganishwa na bei ya Februari kama inavyouzwa leo. Tofauti ni shilingi 70 kwa dola, yaani milioni 21. Kwa kuwa fedha hiyo itapatikana baada ya siku 59, inapunguzwa kwa riba ya shilingi ya muda huo, na inabaki takriban milioni 20.7. Naamini namba ya mkaguzi wako inakaribia hiyo. Iombeni benki barua ya thamani ya mkataba ya tarehe 31 Desemba. Huwa wanayo, na inaondoa mabishano.

Mali hiyo ya milioni 20.7 inaingia kwenye mizania kwa namna yoyote ile, iwe mna hati ya kinga au hamna. Hapo hapana hiari. Kinachobadilika ni upande wa pili wa ingizo. Pasipo uhasibu wa kinga, mnadebiti mali ya fowadi na kukrediti faida na hasara, na mkurugenzi wako anaona faida asiyoielewa. Penye uhasibu wa kinga ya mtiririko wa fedha, mnadebiti mali ile ile, lakini krediti inakwenda kwenye mapato mengine jumuishi na kukusanyika ndani ya mtaji, katika akaunti iitwayo akiba ya kinga. Inangoja pale mpaka kitu kilichokingwa kifike. (Kodi iliyoahirishwa nimeiacha kando ili namba zifuatike, wewe usiiache.)

Sasa twende mpaka Februari. Tuseme tarehe 28 dola ya papo hapo ni 2,740, na mashine inakabidhiwa kwenu siku hiyo hiyo. Mkataba umefika mwisho wake, na thamani yake ni shilingi 90 mara 300,000, yaani milioni 27. Milioni 20.7 zilishaandikwa Desemba, kwa hiyo 6.3 zilizobaki zinaongezwa, nazo pia zikielekea kwenye akiba ya kinga. Mashine inaandikwa kwa bei ya dola ya siku ya kuipokea, milioni 822. Benki mnailipa milioni 795 tu, kwa sababu mlishakubaliana 2,650, na zile milioni 27 za tofauti zinatoka kwenye mali ya fowadi, ambayo sasa inafungwa. Baada ya hapo linakuja ingizo ambalo kila kitu kililingoja: mnadebiti akiba ya kinga milioni 27, mnakrediti mashine milioni 27. Mashine inabaki vitabuni kwa milioni 795, ambazo ni dola 300,000 kwa shilingi 2,650, bei ile ile ambayo bodi yenu iliiona mezani mwezi wa Oktoba ilipoamua kwamba mashine inalipa.

Angalia ingizo hilo la mwisho kwa makini, maana ni moja ya sehemu ambazo kiwango hakikuacha nafasi ya kuchagua. Kitu kilichokingwa kikiwa si cha kifedha, kama mashine au shehena ya malighafi, akiba inahamishwa moja kwa moja kwenye gharama ya kitu hicho. Haipiti kwenye faida na hasara, na haionyeshwi kama upunguzo wa mapato mengine jumuishi ya mwaka huo. Inatoka ndani ya mtaji na kuingia kwenye mali. Mhasibu akiipitisha kwenye taarifa ya mapato jumuishi, mwaka wa pili utaonekana kuwa na hasara ya milioni 27 ambayo haikutokea.

Faida yenyewe basi imekwenda wapi? Imo ndani ya mashine. Tuseme mashine itatumika miaka 15 na mwishoni haina thamani. Kwa gharama ya milioni 822 uchakavu wa mwaka ungekuwa milioni 54.8, kwa milioni 795 ni milioni 53. Kila mwaka kiwanda kinabeba uchakavu pungufu kwa milioni 1.8, na milioni 1.8 mara 15 ni zile 27. Yaani faida ya fowadi inaingia kwenye faida na hasara kidogo kidogo, kwa mwendo ule ule ambao mashine inasokota nyuzi na kujilipia. Mkurugenzi akikuuliza kuoanisha faida na kitu kilichokingwa maana yake nini, mwonyeshe mstari huo wa uchakavu.

Dola ingeshuka, hesabu zingekwenda vivyo hivyo kwa upande wa pili. Tuliona mwishoni mwa 2024 shilingi ilivyopata nguvu kwa haraka, dola ikatoka juu ya 2,700 hadi chini ya 2,500 kabla mwaka haujaisha. Aliyekuwa na fowadi kipindi hicho bila hati ya kinga alifunga mwaka na hasara kwenye taarifa yake ya faida, huku mashine aliyoagiza ikiwa imepungua bei kwa shilingi bila yeye kuruhusiwa kuiandika popote, maana ilikuwa haijafika. Hapo ndipo wakurugenzi hukasirikia fowadi na kuapa kutorudia, ilhali mkataba ulifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni karatasi.

Na karatasi yenyewe si ngumu. Hakuna fomu maalumu. Kinachotakiwa ni kwamba kuanzia siku ya mwanzo iwe imeandikwa ni chombo gani cha kinga, ni kitu gani kinakingwa, ni hatari ya namna gani, na mtapimaje kwamba kinga inafaa, pamoja na lengo na mkakati wa kampuni wa kudhibiti hatari hiyo, uwiano wa kiasi, na mambo yanayoweza kuitoa kinga nje ya mstari. Yenu ingetosha hivi:

*"Leo tarehe 1 Oktoba kampuni inauteua mkataba wa fowadi wa kununua dola za Marekani 300,000 kwa shilingi 2,650, wa kukabidhiwa tarehe 28 Februari, kuwa kinga ya mtiririko wa fedha dhidi ya mabadiliko ya bei ya dola kwa shilingi katika malipo ya dola 300,000 ya mashine moja ya kusokota nyuzi, chini ya mkataba wa ununuzi uliotiwa saini na muuzaji. Lengo na mkakati wa kampuni ni kufunga mapema bei ya dola kwa ununuzi wa mashine kutoka nje. Uwiano ni dola moja ya fowadi kwa dola moja ya malipo. Kwa kuwa sarafu, kiasi na tarehe vinalingana, thamani ya fowadi na ya malipo zinatarajiwa kwenda kinyume kwa kiasi kilicho sawa. Vinavyoweza kuharibu ulinganifu huo ni kuchelewa kwa mashine, kubadilika kwa kiasi cha malipo, na kudhoofika kwa uwezo wa benki kutimiza ahadi yake. Upimaji utafanyika kila tunapofunga hesabu."*

Chini yake saini ya anayehusika na tarehe. Basi. Kwa kuwa mlikwisha kutia saini ya ununuzi, mngeweza pia kuichagua iwe kinga ya thamani ya haki, kwani kiwango kinaruhusu zote mbili kwa hatari ya fedha za kigeni katika ununuzi uliokwisha kufungwa. Kwa njia hiyo milioni 20.7 za faida zingeingia kwenye faida ya mwaka pamoja na hasara ya milioni 20.7 ya ahadi ya kununua, zikazimishana, na mashine ikaishia kwenye milioni 795 vilevile. Mimi kwa kiwanda kidogo huishauri ile ya mtiririko wa fedha, kwa sababu haiwalazimishi kuandika deni kwenye mizania kwa ahadi ambayo bado ni ya karatasini.

Kabla ya kukata tamaa, fungua majalada. Hati si lazima iwe na kichwa cha "hati ya kinga". Kama kuna muhtasari wa bodi au waraka wa ndani wa tarehe 1 Oktoba au kabla yake unaotaja mashine, kiasi, fowadi na sababu yake, na mambo mengine ya hapo juu yamo hata kwa kutawanyika, mpelekee mkaguzi mzungumze. Lakini barua pepe inayosema tu "tumefunga dola kwa 2,650" haitoshi, hata ikiwa nia yenu ilikuwa wazi kama mchana.

Lile la kuandika leo na kuweka tarehe ya Oktoba, nakuomba usilijaribu. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja, sitakitaja, ambako hati safi kabisa ilionyesha kwamba imeandikwa tarehe 3 ya mwezi, siku ya fowadi. Mkaguzi kijana aliisoma mara moja, akaweka kidole kwenye namba ya uthibitisho wa benki iliyonukuliwa mstari wa pili. Uthibitisho wenyewe ulikuwa umetolewa na benki tarehe 9. Hakuna aliyejibu. Kilichokuwa suala la kuchelewa kwa karatasi kikageuka suala la uaminifu wa ofisi nzima, na hesabu nyingine zisizohusika zikafunguliwa upya.

Ukiiandika hati sasa, tuseme tarehe 15 Januari, hali itakuwa hivi. Kama siku hiyo dola za tarehe 28 Februari zinauzwa 2,730, fowadi yenu ina thamani ya takriban milioni 23.7. Milioni 20.7 zimo kwenye faida ya mwaka uliopita, na milioni 3 zilizoongezeka hadi tarehe 15 zinaingia kwenye faida ya mwaka mpya. Hizo hazirudi tena. Zinazozaliwa baada ya hapo, hadi kufikia milioni 27, ni takriban milioni 3.3, na hizo ndizo zitakazokwenda kwenye akiba ya kinga kisha kwenye mashine. Mashine itaandikwa kwa milioni 818.7. Kwa sababu fowadi inaingia kwenye kinga ikiwa tayari na thamani, kutakuwa na chembe ya riba ndani yake isiyooana na kitu kilichokingwa, ingawa kwa siku 44 ni ndogo. Kwa maoni yangu, kwa milioni 3.3 kazi hiyo haina tija kubwa. Afadhali uandike maelezo mazuri chini ya hesabu, mkurugenzi aelewe kwamba milioni 20.7 zina uchakavu mkubwa zaidi unaozisubiri, na asizigawe kama gawio.

Hati ikiwapo, upimaji wa kila kufunga hesabu nao una meno. Kinachoruhusiwa kukaa kwenye akiba ni kile kilicho kidogo kati ya mabadiliko ya thamani ya fowadi na mabadiliko ya thamani ya malipo yaliyokingwa, yote yakihesabiwa tangu mwanzo. Tuseme Desemba muuzaji ameandika kwamba mashine na malipo vitakuwa mwishoni mwa Aprili. Fowadi bado ni ya Februari, na riba za miezi hiyo miwili zinatofautiana. Ukipiga hesabu ya fowadi ya kubuni yenye tarehe ya Aprili, ukaona mabadiliko yake ni milioni 19.9 badala ya 20.7, basi 19.9 zinakaa kwenye akiba na milioni 0.8 zinakwenda faida na hasara. Na hapo inabidi muiombe benki isogeze mkataba mbele, jambo ambalo hufanyika kwa bei ya siku hiyo. Oda ikipunguzwa hadi dola 240,000, moja ya tano ya fowadi haikingi kitu tena, na moja ya tano ya akiba, milioni 4.14, inahamia faida na hasara. Oda ikifutwa kabisa, akiba yote inahama siku hiyo hiyo. Kinga haiwezi pia kuachwa kwa sababu tu mkurugenzi amebadili mawazo. Inaisha pale masharti yake yanapokoma au lengo la kujikinga linapobadilika.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, nalo ni siku ya kuipokea mashine. Nimesema tarehe 28 Februari ili hesabu iwe nyepesi, lakini soma mkataba wa ununuzi. Kama mmenunua kwa masharti ya FOB, hatari ya mashine kwa kawaida inakuwa yenu tangu inapopakiwa melini huko India, si inaposhushwa gatini Tanga. Wazee wetu waliozoea kuhesabu mzigo umefika pale tishari lilipougusa ukuta wa bandari wangeshangaa, lakini ndivyo ilivyo. Meli ikipakia tarehe 20 Januari, mashine na deni la dola vinaandikwa siku hiyo kwa bei ya siku hiyo, na akiba iliyokusanyika mpaka hapo inahamia kwenye mashine siku hiyo. Kuanzia hapo mashine haiguswi tena na bei ya dola. Deni ndilo linalobadilishwa thamani kila unapofunga mwezi, tofauti ikienda faida na hasara, na mabadiliko ya fowadi yanaletwa hapo hapo kulizimisha. Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe iliyo kwenye hati ya shehena, kwa sababu kama ilipakiwa kabla ya 31 Desemba, mashine ilipaswa kuwa kwenye mizania ya mwaka huu pamoja na deni lake, na huenda sehemu ya faida aliyoikuta mkaguzi ina hasara ya deni ya kukabiliana nayo ambayo bado haijaandikwa.